Siku Hisa Zinapovuliwa Gawio

Jirani yangu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, aliamka siku moja akakuta hisa zake 2,000 zilizokuwa na bei ya shilingi 700 kila moja zimeshuka hadi 650. Akapiga hesabu palepale: shilingi 100,000 zimeyeyuka usiku mmoja! Bila kumwuliza mkewe wala dalali wake, akaagiza ziuzwe zote, na wakati zinauzwa bei ilikuwa 640. Baada ya wiki chache akashangaa kuona shilingi 95,000 zimeingia katika akaunti yake. Lilikuwa gawio la hisa zilezile alizokwisha kuziuza.

Kampuni haikuwa imefilisika. Ilikuwa imetangaza gawio la shilingi 50 kwa kila hisa, na siku ile ya mshtuko ilikuwa siku ya kwanza ya hisa kuuzwa bila gawio. Anayenunua siku hiyo halipati gawio hilo. Linabaki kwa muuzaji. Basi ni nani atakayelipa 700 kwa kitu kilichokwisha kutolewa 50 ndani yake? Fedha hazikupotea, bali zilikuwa njiani. Kilichompotea jirani yangu ni ushuru wa dalali, tofauti ya bei, na gawio la mwaka unaofuata ambalo mkewe alikwisha kulitengea sare za watoto.

Dawa yake ni ukurasa mmoja wa daftari. Kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam inapotangaza gawio, hutaja tarehe kadhaa, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Huandika siku ya kufungwa kwa daftari la wanahisa au siku ya malipo, wakaiacha ile ya kwanza bila gawio, ambayo ndiyo inayogusa bei. Siku hiyo hutangulia kufungwa kwa daftari, kwa sababu hisa iliyonunuliwa haiandikwi kwa jina la mnunuzi papo hapo. Tuseme uhamisho huchukua siku tatu za kazi na daftari linafungwa Ijumaa. Aliyenunua Jumanne ataandikwa Ijumaa, naye atapata gawio; aliyenunua Jumatano ataandikwa Jumatatu, naye amechelewa. Kwa hiyo Jumatano ndiyo siku ya kwanza bila gawio. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, hesabu yote inarudi nyuma siku moja. Fuata tarehe iliyochapishwa katika tangazo, na palipo na shaka mwulize dalali.

Tarehe hiyo iandike kwa wino mwekundu, kisha tega kengele ya simu yako mara mbili. Ya kwanza ilie juma moja kabla, ili kama kuna hisa mliyokusudia kuiuza au kuinunua, muamue mapema nyumbani mkijua gawio litakwenda kwa nani. Ya pili ilie jioni ya kuamkia siku hiyo. Jioni hiyo andika bei ya kufungia soko, toa gawio, na uandike jibu: 700 kutoa 50, yaani 650. Hiyo ndiyo bei ya kutazamiwa. Kesho yake ukiiona 650 au karibu yake, kunywa chai yako kwa utulivu. Ikishuka hadi 590, hapo gawio peke yake halitoshi kuwa sababu. Tafuta habari nyingine za kampuni. Tena, hisa isiyouzwa kila siku inaweza kubaki na bei ya zamani siku kadhaa, ikashuka baadaye pale muuzaji na mnunuzi watakapopatana. Usidhani imesamehewa.

Upande wa pili wa ukurasa uwe wa mapato. Andika idadi ya hisa ulizokuwa nazo kabla ya siku ile nyekundu, kisha zidisha kwa gawio: 2,000 mara 50 ni shilingi 100,000. Toa kodi ya zuio, ambayo kwa mkazi mwenye hisa za kampuni iliyoorodheshwa katika soko letu ni asilimia 5. Zinabaki 95,000. Andika hizo 95,000, wala si laki kamili, na kando yake neno “zinatarajiwa”. Gawio ambalo mkutano mkuu wa wanahisa haujalipitisha bado ni pendekezo, na pendekezo halilipi ada ya shule. Fedha zikiingia, futa neno hilo na uandike “zimepokelewa” pamoja na tarehe. Siku ya malipo ikipita mstari ungali unasema “zinatarajiwa”, mwone dalali. Mara nyingi namba ya akaunti iliyomo katika kumbukumbu ni ya zamani.

Jirani yangu amenunua hisa tena, chache kuliko zile za kwanza. Daftari sasa analiweka mkewe.