Grafu Yako ya Busia Inadanganya, Najua Kwa Sababu Niliichora Kabla Yako

Wasee, kuna kitu kimenikwama kooni. Kila wikendi mtu anaposti grafu ya biashara ya mpakani, mstari mwekundu unaenda chini, na juu ameandika kwa herufi kubwa "BUSIA IMEKUFA". Watu wanashea, wanalia na kulaumu serikali za nchi mbili. Hakuna hata mmoja anayeuliza huo mstari umetoka wapi.

Mimi nauliza kwa sababu niliwahi kuuchora. Niliacha kampasi mwaka wa pili, nikapata kibarua cha kupanga data za watu wanaohesabu mizigo midogo inayovuka Busia na Malaba. Siongelei malori. Malori yana karatasi za forodha. Naongelea mama aliyebeba gunia la mahindi, boda aliye na trei za mayai, na wale jamaa wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Makarani wanakaa kwenye vituo wakiwa na simu, kila mzigo ukipita wanajaza fomu ya KoboToolbox, na fomu inatumwa mtandao ukipatikana. Jumamosi jioni nikavuta data, nikachora, nikaposti. Siku mbili baadaye mama mmoja wa soko akanipigia akaniuliza, "Kijana wangu, ni kweli biashara imeanguka? Chama chetu kimesimamisha mikopo ya stoki kwa sababu ya hiyo picha yako."

Biashara haikuwa imeanguka hata kidogo, manze. Ngoja nikuonyeshe nilivyokosea. Namba nitakazotumia ni za mfano, nimezifanya mviringo ili uzifuate bila kikokotoo.

Chukua vituo vinne, viwili Busia na viwili Malaba, na kila kimoja kinarekodi mizigo 60 kwa siku ya kawaida. Jumla ni 240. Sasa grafu yangu ilisema hivi: Jumanne 300, Alhamisi 180, Jumamosi 168, na siku nyingine karibu 240. Ukiunganisha nukta unapata hadithi tamu sana, ati watu walikimbilia kuvusha Jumanne, kisha soko likaporomoka. Niliandika hadithi hiyo na aya tatu za uchambuzi, nikitaja bei ya mafuta na kila kitu. Kumbe siku zote tatu zilikuwa na mizigo 240.

Anza na Jumamosi, ndiyo inayodanganya watu wengi zaidi. Fomu ikijazwa saa nane mchana haifiki kwangu saa nane mchana. Ukikaa karibu na mpaka simu inaweza kudaka mnara wa Uganda, bando la Kenya linagoma, na fomu inabaki kwenye simu hadi karani afike nyumbani au akumbuke kuituma kesho yake. Kwa hiyo Jumamosi jioni nilikuwa na 168 tu kati ya 240, yaani asilimia 70. Nyingine 72 zilikuwa mifukoni mwa watu, ndani ya simu.

Ujanja ni kwamba hii hutokea kila wiki, kwa hiyo mkia wa grafu kila wiki utaenda chini. Ukichora Jumamosi, Jumamosi imeanguka. Ukichora tena Jumatano, Jumamosi imeinuka na sasa Jumatano ndiyo imeanguka. Hilo ndilo jaribio rahisi kuliko yote: hifadhi nakala ya data ya leo, vuta tena baada ya siku nne, halafu linganisha siku zilezile. Kama mkia umeinuka, ulichokuwa ukiita anguko ni ucheleweshaji.

Kobo inakupa tarehe mbili. `today` ni siku fomu ilipojazwa kwa saa ya simu, na `_submission_time` ni wakati ilipofika kwenye seva. Tofauti yake ndiyo siku za kuchelewa:

```python
imefika = pd.to_datetime(df["_submission_time"]) + pd.Timedelta(hours=3)
imejazwa = pd.to_datetime(df["today"])
df["kuchelewa"] = (imefika.dt.normalize() - imejazwa).dt.days
```

Hayo masaa matatu ni kwa sababu seva inaandika saa za UTC, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Usipoyaongeza, fomu iliyotumwa saa saba usiku itaonekana imefika jana yake. Ukipata `kuchelewa` hasi, yaani fomu imefika kabla haijajazwa, simu ya karani ina tarehe mbovu.

Halafu angalia wiki zilizopita. Tuseme ndani ya siku mbili unapata fomu 90 kwa kila 100, na ndani ya siku nne unapata 98. Basi hutangazi siku yoyote ambayo haijamaliza siku nne. Na hizo mbili zilizobaki ukae ukijua zipo, kwa sababu siku moja karani atatoa fomu za wiki mbili zilizopita kutoka simu aliyopeleka kwa fundi.

Najua utaniambia watu wanataka namba Jumamosi. Nakumbuka Mei 2020, tulivyokaa kila siku tukisubiri wizara isome idadi ya waliopatikana na korona "katika saa 24 zilizopita". Wengi tulisikia kama watu walioambukizwa jana. Zilikuwa sampuli ambazo majibu yake yalitoka jana, na madereva wa malori pale Malaba na Busia walikuwa wakisubiri majibu kwa siku kadhaa huku foleni ikienda kilomita na kilomita. Maabara ikimaliza mrundiko, namba inaruka. Mwezi huohuo Uganda ikaamua kutowahesabu madereva wa kigeni kwenye jumla yake ya kitaifa, na jumla ikashuka kwa sababu ya namna ya kuhesabu tu. Uamuzi wenyewe unaweza kuutetea ukitaka. Lakini aliyechora mstari bila kuweka alama siku ile alichora ushindi ambao haukuwepo.

Turudi Alhamisi, ile 180. Hapa hakukuwa na seli tupu popote. Niliangalia, nikatafuta pengo kwenye kila safu, nikakuta safi kabisa nikajisifu. Shida ni kwamba kituo kimoja cha Malaba hakikuwa na mstari hata mmoja siku hiyo. Karani alikuwa mgonjwa. Data iliyokosekana hivi haiachi shimo la kuonekana, inaondoka na mstari wake mzima, na kompyuta inajumlisha vituo vitatu bila kulalamika.

Dawa yake ni kutengeneza orodha ya kile unachotarajia kabla hujaangalia ulichopata. Vituo vinne mara siku saba ni miraba 28. Jaza kila mraba kwa idadi ya fomu. Wangu ulikuwa na miraba 27 yenye namba na mmoja mtupu, na huo mtupu usiujaze sifuri hata kwa bahati mbaya. Sifuri ni karani aliyekaa pale siku nzima asione mzigo. Tupu ni kwamba hatujui. Ukiandika sifuri umesema Malaba hakuna aliyevuka, na kuna mwenye pesa atakuamini.

Nilipompigia karani ndipo nikajua alikuwa mgonjwa, na mwenzake wa mita chache kutoka pale alisema watu walipita kama kawaida. Sikuweka 60 za kubuni. Nilichapisha vituo vitatu, 180, nikaandika kwamba cha nne hakikuhesabiwa, na nikalinganisha na vituo vitatu vilevile siku nyingine, ambavyo ni 180 pia. Anguko likapotea bila kutunga chochote. Hili lina uzito zaidi kwa tafiti kubwa. Shirika la Takwimu la Uganda, UBOS, kwa miaka mingi limehesabu biashara isiyo rasmi ya mipakani kwa kuweka makarani sehemu tu ya mwezi, kisha hesabu inakuzwa iwakilishe mwezi mzima. Ukikuza hesabu yenye siku iliyopotea, unakuza na upotevu.

Jumanne ndiyo ilinitoa jasho. Karani mmoja wa Busia aliona fomu zake hazijaenda, akadhani zimepotea, na usiku akajaza zote 60 upya kutoka kwenye daftari lake. Asubuhi mtandao ukarudi, zikaenda zote 120. Nilikuwa nimekagua marudio kwa `_uuid`, nikapata hakuna. Bila shaka hakuna! Kila fomu mpya inapewa `_uuid` yake. Hiyo inakamata fomu moja iliyotumwa mara mbili. Mzigo mmoja ulioandikwa mara mbili inauachilia.

Kwa hiyo nikajaribu kwa maelezo ya mzigo wenyewe:

```python
ufunguo = ["karani", "kituo", "saa_ya_kuvuka", "bidhaa", "kilo"]
washukiwa = df[df.duplicated(ufunguo, keep=False)]
```

Tafadhali usikimbilie `drop_duplicates`. Kwenye kituo hicho zingebaki 58, siyo 60. Kwa nini? Kwa sababu kulikuwa na mara mbili ambapo mama wawili walivuka dakika ileile, kila mmoja na gunia la mahindi la kilo 90. Mistari inafanana kabisa na wote ni watu halisi. Vilevile jamaa wa baiskeli anaweza kuvuka mara tano kwa siku na mzigo uleule wa saruji. Hizo ni safari tano, na tunahesabu safari.

Kilichotenganisha ni safu ya `start`, wakati fomu ilipofunguliwa. Fomu za kweli zilitawanyika kuanzia asubuhi hadi jioni, na wale mama wawili walipishana kwa dakika moja hivi. Fomu 60 za marudio zilifunguliwa zote baada ya saa tatu usiku, moja baada ya nyingine, kila sekunde arobaini hivi. Hakuna mpaka unaopitisha mizigo kwa mwendo huo wa saa ya ukutani. Nikampigia, akakubali mara moja, hata akacheka. Sasa kila mstari wa daftari una namba yake na fomu inaiuliza, kwa hiyo mama wawili wana namba mbili na mzigo ulioandikwa mara mbili una moja.

Yote haya yalinichukua jioni mbili na simu mbili. Wanaosema namba ya haraka ni afadhali kuliko kukosa kabisa waende wakaiambie ile chama, ambayo kwa wiki nzima haikutoa mkopo wa stoki kwa sababu ya fomu zilizokuwa kwenye mifuko ya makarani. Nilifuta grafu, nikaposti mpya na maelezo. Ile ya kwanza ilishewa mara nyingi sana kuliko hii, na bado naikuta kwenye magrupu ya WhatsApp ikiwa na jina langu pale chini pembeni.

Ripoti yangu ya wiki sasa inatoka Jumatano usiku, na inaishia Jumamosi. Ukiniuliza Jumatatu biashara ikoje, nitakwambia sijui bado.