AFYA YA NYUMBANI: DAMU YA PUANI ISIYOKATA

Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuandikia akitueleza habari za mwanawe wa miaka 7 ambaye hutokwa na damu puani mara kwa mara, hasa nyakati za usiku. Asema kuwa bibi yake mtoto humlaza chali, akamwinamisha kichwa nyuma na kumwagia maji ya baridi utosini, na kwamba safari ya mwisho damu ilichukua muda mrefu mpaka nyumba nzima ikaingia hofu. Atuuliza mambo mawili: afanyeje damu ikianza, na atajuaje kwamba wakati wa kukaa nyumbani umekwisha na wakati wa kwenda hospitali umefika.

Twamshukuru kwa swali lake. Maradhi haya, ambayo wazee wa pwani huyaita muhina, hayana nyumba isiyoyajua, na hata hivyo ni nyumba chache mno tulizopata kuona watu wakiyatibu inavyopasa.

Kwanza yafaa kujua damu hiyo yatoka wapi. Pua ina ukuta katikati unaozigawa tundu zake mbili. Katika sehemu ya mbele ya ukuta huo, karibu kabisa na mlango wa pua, mishipa midogo midogo ya damu imekutana mahali pamoja chini ya ngozi nyembamba sana. Ukucha wa mtoto, mafua, vumbi au upepo mkavu hutosha kuipasua. Damu nyingi za puani, yapata 9 katika kila 10, hutoka hapo. Mahali hapo pafikika kwa vidole viwili, na hiyo ndiyo siri ya tiba yote ya nyumbani: kuubana mshipa uliopasuka mpaka damu igande na kuuziba.

Mgonjwa na akae kitako, kiwiliwili kimesimama, kisha ainame mbele kidogo kama mtu anayetazama bakuli lililo mapajani mwake. Na bakuli hilo liwepo kweli, kwani damu iliyomo ndani ya bakuli yaweza kukadiriwa, lakini iliyolowa kitambaa humdanganya mwenye kuitazama, huonekana nyingi kuliko ilivyo. Kisha sehemu laini ya pua, ile ya chini ya mfupa, ibanwe kwa kidole gumba na cha shahada, pande zote mbili pamoja, kwa nguvu ya kutosha kuzifunga tundu kabisa. Mgonjwa apumue kwa kinywa, na damu yoyote inayomjia kooni aiteme wala asiimeze. Mtu mzima aweza kujibana mwenyewe. Mtoto na apakatwe na mama yake, amkalishe akielekea mbele, ambane yeye.

Sasa twafika mahali ambapo watu wengi huharibu kazi yao wenyewe. Kubana huko lazima kudumu kwa dakika 15 bila ya kuachia hata mara moja. Mtu aliyeshikwa na hofu hubana dakika mbili, akaachia kutazama kama imekata, akaona yatiririka, akabana tena, akaachia tena. Kila anapoachia huubandua utando wa damu uliokuwa unaanza kushika, na hivyo hurudi mwanzo. Mwisho husema, "Tumebana saa nzima na haikukata," na kumbe hakubana hata dakika tano mfululizo. Basi itazamwe saa, ya ukutani au ya simu, wala pasikadiriwe kwa moyo, kwani mbele ya damu dakika tatu huonekana kama nusu saa. Zikitimia 15, vidole viachiwe polepole. Ikiwa bado yatoka, ibanwe dakika 15 nyingine kwa namna ile ile.

Kosa la pili ni kubana pasipo mahali pake. Wako wanaobana juu, penye mfupa kati ya macho. Mfupa haubonyei, na mishipa iliyopasuka haiko huko.

Ama kuhusu kumlaza mgonjwa chali au kumwinamisha kichwa nyuma, twamwomba bibi yake mtoto atuwie radhi, kwani tunajua afanya hivyo kwa mapenzi. Lakini kichwa kikiinama nyuma damu haikati. Hubadili njia tu, ikashukia kooni. Watu wa nyumbani hawaioni tena wakadhani imekwisha, na mgonjwa huku aimeza. Damu tumboni huleta kichefuchefu na matapishi, na kutapika kwenyewe huifanya pua ianze upya. Mbaya zaidi ni mgonjwa aliyezimia au mtoto mwenye usingizi, ambaye damu hiyo yaweza kumwingilia katika njia ya pumzi. Maji ya utosini hayadhuru, lakini hayazibi mshipa. Kitambaa cha baridi kikiwekwa juu ya pua si vibaya, maadamu hakikumtoa mtu vidole vyake puani.

Pamba nayo tusingependa itiwe nyumbani. Hunyonya damu na kushikamana nayo inapoganda, na siku ya kuivuta huondoka na gamba lote, jeraha likafunguka tena.

Ili wasomaji waone tofauti ya damu ya kukaa nayo na damu ya kukimbia nayo, tutaeleza habari ya mzee mmoja wa miaka 71, jirani wa jamaa zetu. Alikuwa na maradhi ya moyo kwenda mbio bila ya mpango, na kwa ajili hiyo alipewa warfarini, dawa inayopunguza damu kuganda. Jino likamwuma. Badala ya kumwuliza daktari wake, alinunua dukani vidonge vya metronidazoli akavitumia siku kadhaa. Dawa hiyo huizidishia warfarini nguvu yake mwilini, na mzee hakuwa na habari.

Siku moja saa 11 alfajiri, akijiandaa kwa sala, damu ikamtoka tundu ya kulia. Watoto wake wakamlaza kitandani na mto chini ya mabega. Baada ya nusu saa puani hapakuonekana kitu, wakafurahi. Kidogo mzee akaketi ghafla akatapika damu nyeusi yenye mabonge, wakapiga kelele kwamba tumbo limepasuka. Jirani yao, muuguzi mstaafu, akaingia, akamkalisha, akamwinamisha mbele na kumbana pua sawasawa. Kisha akafanya jambo ambalo kila nyumba yaweza kulifanya: akawasha taa ya simu, akamwambia mzee afungue kinywa, akatazama kooni. Pua ilikuwa imebanwa barabara, na hata hivyo mchirizi wa damu mbichi ulikuwa ukishuka nyuma ya koo. Akasema, "Hii haitoki mbele. Nileteeni gari, na vidonge vyake vyote vitieni mfukoni." Hakungoja zile dakika 30.

Ishara hiyo yafaa kushikwa sana. Damu inayotoka nyuma ya pua hutoka katika mishipa mikubwa zaidi, na vidole havifiki huko. Huwapata zaidi watu wazima wenye umri mkubwa. Huko hospitali mzee aliwekewa mpira wa mshipani, akapimwa damu, na daktari akatazama pua kwa taa na kifaa chake. Dawa ya kukaza mishipa haikutosha, basi akatiwa kizibo maalumu kinachofika nyuma, akalazwa. Kipimo kilionyesha kuwa damu yake imekuwa nyepesi kupita kiasi, akapewa dawa ya kuirekebisha. Kizibo kilitolewa siku ya pili, na mzee akarudi nyumbani. Lau angekuwa na damu ya mbele tu, huenda daktari angeuchoma ule mshipa kwa dawa ya madini ya fedha, kazi ya muda mfupi, akaondoka siku ile ile.

Sasa twajibu swali la pili la mama. Damu isiyokata baada ya kubanwa sawasawa mara mbili, yaani dakika 30, ni ya hospitali, na pua iendelee kubanwa njiani. Lakini wako watu wasiongoja dakika hizo: anayetumia warfarini au dawa nyingine za kuizuia damu kuganda, aliyeanguka au kupigwa kichwani, anayemwagika damu kwa wingi au kuimeza ingawa amebanwa, mwenye kizunguzungu, weupe wa midomo, jasho baridi au pumzi za taabu, na mtoto aliye chini ya miaka 2. Mwenye kutumia dawa hizo asiziache mwenyewe kwa hofu, kwani huenda zikiachwa damu ikaganda pasipotakiwa. Azichukue amwonyeshe daktari.

Yako pia mambo ya kupelekwa kliniki kwa utulivu hata kama damu imekwisha kukata. Mtoto anayetoka damu na huku ana alama za kuvilia mwilini au ufizi wake hutoka damu, apimwe damu. Mwenye kutoka uchafu unaonuka katika tundu moja tu, mara nyingi amejitia punje au shanga. Na mvulana anayebaleghe ambaye upande mmoja wa pua umeziba na hutoka damu kila mara, asicheleweshwe kuonwa na daktari wa pua, kwani huenda kuna uvimbe ndani.

Ama mtoto wa mama aliyetuandikia, kwa jinsi alivyoeleza, yaelekea ajikuna pua usingizini. Akatwe kucha, na apakwe vaselini kidogo mlangoni mwa pua kila usiku kwa muda wa wiki moja au mbili. Kwa kuwa damu zamrudia, aonyeshwe kliniki mara moja ili itazamwe pua yake kwa taa.

Damu ikishakata, mgonjwa asipenge kamasi, asichokore pua, asiiname kubeba mizigo, wala asinywe vinywaji vya moto sana kwa muda wa siku moja. Akitaka kupiga chafya, aipige kwa kinywa wazi.

Limebaki moja ambalo mama hakuliuliza ila twajua latokea. Mtu damu ikimkata huenda moja kwa moja birikani kutawadha, akavuta maji puani kwa nguvu na kuyapenga, na damu ikaanza tena. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii damu ya puani haivunji udhu; huoshwa ile iliyougusa mwili na nguo. Na kuvuta maji puani katika udhu ni suna, basi mwenye jeraha aweza kuiacha kwa siku chache mpaka pua ipone, na udhu wake ni sahihi.