Kifua, Kifafa, Kifaduro: Neno Linaposhindana na Wenzake

Msikilizaji hangoji neno liishe ndipo alitambue. Sauti za mwanzo zikitamkwa tu, ubongo huyaamsha kwa pamoja maneno mengi yanayoanza hivyo, na kila sauti inayofuata huyaondoa baadhi yao mashindanoni. William Marslen-Wilson, mtafiti wa saikolojia ya lugha, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba neno la Kiingereza likiwa ndani ya sentensi huweza kutambulika kabla halijamalizika kutamkwa.

Kiswahili kina tabia yake katika jambo hili. Silabi ya kwanza ya nomino mara nyingi ni kiambishi cha ngeli, kwa hiyo “ki-” peke yake haipunguzi washindani wengi. Chukueni jina la Kifungilo, kule Lushoto: hata baada ya “kifung-”, kifungu, kifungo na kifungua kinywa bado vimo. Mgeni asiyelijua jina hilo huenda akasikia kifungo.

Sasa tuseme mama ameingia katika zahanati ya huko milimani, mvua inapiga mabati, naye anasema mwanawe mchanga ana kifaduro. Mhudumu amesikia “kifa-”. Kifafa na kifaduro vinashindana. Mkazo ungesaidia, maana katika kifafa huangukia silabi ya pili, na katika kifaduro ya tatu; lakini mvua imeumeza. Na ikiwa irabu nayo haikusikika vema, kifua kinaingia. Hapo neno lililozoeleka zaidi lina nafasi kubwa ya kushinda, na kifua hutajwa zahanatini kila siku. Mtoto ataandikiwa tatizo la kifua, ilhali kifaduro huweza kusimamisha pumzi za mtoto mchanga, tena dawa yake hufaa zaidi ikianzwa mapema.

Desturi yetu ni kumwomba mgonjwa arudie kwa sauti kubwa. Kwa maoni yangu hiyo haitoshi, kwa sababu washindani hubaki walewale. Afadhali aulizwe, “Mama, hicho kikohozi kinamjiaje?” Akieleza kwamba kinakuja kwa mikupuo, mtoto anawiva uso kisha anatapika, kifafa na kifua cha kawaida vitakuwa vimerudi nyuma kabla jina halijatajwa tena.

Dirishani pa dawa mambo ni hayohayo. Metfomini na metronidazoli huanza sawa, basi maneno “dawa ya sukari” yatangulie jina, yasifuate. Wala tusimwulize mzee, “Umesikia?” Atajibu ndiyo, tena kwa unyofu, kwa kuwa neno lililoshinda kimakosa husikika wazi kama lile sahihi. Aulizwe, “Babu, hii utakunywa kwa ugonjwa gani?”