Barua ya Kazi na Lugha ya Aliyetangaza

Riziki hugawanywa na Mwenyezi Mungu, na mwenye imani hahitaji kuthibitishiwa hilo, lakini barua ya kuombea kazi huandikwa na mja mwenyewe, na ni ndani ya barua hiyo vijana wengi wa Tanzania, waliosoma na kustahili kabisa kazi wanazozitaka, hujikwaa kabla vyeti vyao havijafunuliwa. Tangazo limeandikwa kwa Kiswahili fasaha, nalo linajibiwa kwa Kiingereza cha kunakili ili mwombaji aonekane msomi, tangazo jingine limeandikwa kwa Kiingereza rasmi, nalo linajibiwa kwa ujumbe wa simu unaoanza na "Mambo bosi, ile kazi bado ipo?" Tabia zote mbili ni za mtu aliyemsahau atakayeisoma barua yake.

Mwajiri akinyamaza kuhusu lugha, lugha ya tangazo ndiyo lugha ya jibu, kwani wahenga walikwisha kusema kwamba ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Kinachotengua kanuni hiyo ni maelekezo ya tangazo lenyewe, ambayo aghalabu huwekwa mwishoni, mahali ambapo mwenye pupa hafiki. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa mfano, imekuwa ikieleza, hata katika matangazo yaliyoandikwa kwa Kiingereza, kwamba barua ya maombi yenye saini inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyeisoma sentensi hiyo huenda kumlipa mtu wa stesheneri amwandikie Kiingereza ambacho yeye mwenyewe hawezi kukitetea mbele ya jopo la usaili, na nguo ya kuazima haisitiri matako.

Dereva anayejibu tangazo la namna hiyo anaweza kuandika kwa Kiswahili bila kuomba radhi, mradi aandike barua kamili: anwani yake juu kulia, tarehe, anwani ya mwajiri kushoto, "Ndugu," kisha "YAH: MAOMBI YA KAZI YA UDEREVA DARAJA LA II". Ikiwa tangazo lina namba ya kumbukumbu, namba hiyo hunakiliwa ilivyo, maana ndiyo itakayomwonyesha mpokeaji tangazo linalojibiwa hata kama jina la kazi limeandikwa kwa lugha nyingine. Sifa nazo hufuata mpangilio wa tangazo: cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja C au E, mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA, na muda alioendesha gari bila kusababisha ajali. Vyeti huambatishwa kwa lugha viliyotolewa nayo, na wasifu, yaani maelezo mafupi ya elimu na kazi za mtu, unaweza kubaki kwa Kiingereza bila kuidhuru barua.

Urasmi, yaani kiwango cha heshima na utaratibu katika maandishi, hauhami na lugha kama ulivyo. Kiswahili cha ofisini hufungua barua kwa "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" na kuifunga kwa "Wako mtiifu"; Kiingereza hutaja moja kwa moja kazi inayoombwa na mahali tangazo lilipoonekana, kwa hiyo anayeibeba sentensi ile ya Kiswahili neno kwa neno hutoa Kiingereza kisichoeleweka. "Shikamoo" nayo ni heshima ya mdomoni, wala haina nafasi katika barua rasmi. Mwenye duka aliyetangaza kwa WhatsApp na kuacha namba ya simu tu hahitaji anwani mbili wala "YAH". Anahitaji salamu, jina kamili, kazi inayoombwa na sifa zake katika sentensi zilizokamilika, bila "xawa" wala "cjui". Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko hakumpunguzii kijana usomi wake hata chembe.

Hata hivyo, ruhusa ya kuchagua lugha isimdanganye anayeomba kazi ya mapokezi katika hoteli ya watalii ya Arusha, au ya kuandika taarifa za mradi kwa wafadhili wa nje, kwa kuwa hapo barua yenyewe ni usaili wa kwanza, na anayeandika Kiswahili huliacha bila jibu swali lililo kubwa kuliko yote, la kama anakimudu Kiingereza.

Lawama haiwezi kuishia kwa waombaji. Wapo waajiri wanaotangaza kwa Kiingereza kizito kazi ya mlinzi, mpishi au mfagizi, ambayo tangu asubuhi hadi jioni itafanywa kwa Kiswahili, kisha wananung'unika kwamba barua walizopata zote zinafanana. Zitaachaje kufanana, ilhali zimetoka kwenye stesheneri ileile? Wenye ofisi hizo ni watu waungwana na wenye nia njema, na kinachotakiwa kwao ni kuitangaza kazi kwa lugha itakayofanyiwa, au angalau kuongeza mstari mmoja unaosema barua iandikwe kwa lugha gani.