Barua fupi kwa msanifu yaokoa gharama za bango

KILA msimu wa kilimo unapokaribia, mbele ya maduka mengi ya pembejeo hutundikwa mabango ya punguzo la bei. Baadhi huleta wateja. Mengine hupigwa jua na upepo kwa wiki mbili bila mpita njia kujua kinachouzwa ni nini wala bei yake. Lawama zote humwangukia kijana aliyelichora kwenye kompyuta. Kwa maoni yetu, mara nyingi kosa hutokea mapema zaidi, pale mwenye duka anapompigia simu na kumwambia: "Nitengenezee bango zuri la ofa, liwe la kuvutia."

Maneno hayo hayamwambii msanifu chochote anachoweza kukichora. Kuvutia kwa mwenye duka huenda ni bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na kwa msanifu ikawa ni rangi nyingi zinazoyeyukiana, nyota na picha kumi za bidhaa. Msanifu anayejitegemea hana meneja wa kumuuliza, na pengine hajawahi kulitembelea duka lenyewe. Atakisia, bango litachapishwa, na ubishi wa nani alipe la pili utaanza. Barua ya ukurasa mmoja huondoa ubishi huo, mradi ieleze kile ambacho jicho litaona.

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la pembejeo mjini Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na ile kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Ni mapema Oktoba. Nyanda za Juu Kusini huanza kupata mvua Novemba, hivyo wakulima watakuja kuulizia mbegu na mbolea siku si nyingi. Lakini fedha ya kununulia bidhaa hizo imelala stoo, katika mabomba 60 ya mgongoni ya kunyunyizia dawa, ya lita 16. Bei yake ya kila siku ni Sh45,000. Ameamua kuyauza kwa Sh36,000, yaani punguzo la asilimia 20. Yakiisha yote atapata Sh2,160,000 kabla ya mvua. Yakibaki, ataingia msimu akiwa na rafu tupu za mbegu.

Kabla ya kuandika, mama huyu anatakiwa kufanya kazi moja ya miguu. Atoke dukani, avuke barabara, asimame pale wanapokaa vijana wa bodaboda, kisha ageuke autazame ukuta wake. Ahesabu hatua. Tuseme ni mita 30. Umbali huo ndio utakaoamua ukubwa wa herufi. Kanuni wanayoitumia watengenezaji wa mabango ni rahisi: herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka kwa raha kutoka mita tatu. Kwa mita 30, kimo kinachosomeka kwa raha ni sentimita 25.

Aangalie pia magari. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Abiria anayeliona bango kutoka mita 40 ana sekunde tatu tu. Katika muda huo atapata picha moja na bei moja. Orodha ya bidhaa 12 na namba nne za simu hazimfai.

Baada ya hapo anaweza kuandika hivi:

*Ndugu Msanifu,*

*Habari za kazi? Naomba unichoree bango la turubai la plastiki, upana mita 3 na kimo mita 1. Litatundikwa juu ya mlango wa duka. Wasomaji wangu wako ng'ambo ya barabara, mita 30.*

*Bango zima liwe la rangi moja ya njano, kama dumu la mafuta la lita 20. Lisiwe na maua, nyota wala kivuli nyuma ya maandishi.*

*Upande wa kushoto, theluthi moja ya bango, weka picha ya bomba moja la mgongoni lenye tangi la bluu. Lisimame wima, lionekane lote pamoja na mpira na mpini wake, kimo sentimita 80. Picha nimeipiga na nimekutumia kama faili, haijapunguzwa.*

*Upande wa kulia kuwe na mistari minne, yote ianzie kushoto kwenye mstari mmoja ulionyooka:*

*BOMBA LITA 16 (nyeusi, kimo sentimita 15)*

*SH 36,000 (nyekundu ya nyanya iliyoiva, kimo sentimita 30)*

*Ilikuwa 45,000 (nyeusi, sentimita 10, namba ikatwe kwa mstari mmoja)*

*60 TU – MWISHO 25 OKTOBA (nyeusi, sentimita 10)*

*Herufi ziwe nene, zisizo na mikia. Aina yake chagua wewe. Acha sentimita 5 tupu pande zote kwa ajili ya kukunja ukingo na kutoboa matundu ya kamba. Usiongeze neno wala picha nyingine. Kama kuna jambo unaona halitakaa vizuri, niambie kabla ya kuchora. Naomba mchoro wa kwanza Jumatano, na nafasi ya masahihisho mara mbili.*

*Wako,*
*Mwenye duka.*

Barua hii haina neno "zuri" wala "kuvutia", lakini watu wawili wakipewa kila mmoja achore kivyake, mabango yao yatafanana. Huo ndio mtihani wa barua ya aina hii. Kila sentensi inataja kitu chenye mahali pake, kipimo chake na rangi yake.

Tuangalie vipimo vyenyewe. Mistari minne ina jumla ya sentimita 65. Ukiweka nafasi tatu za sentimita 6 kati yake unapata 83, na kingo mbili za sentimita 5 zinafikisha 93. Kimo cha bango ni sentimita 100, kwa hiyo maandishi yanaenea na kupumua. Mwenye duka angetaka mistari saba ya ukubwa huo, hesabu ingemkatalia, na msanifu angelazimika kuinyonga bei ili kuokoa nafasi. Ni nafuu kuligundua hilo kwenye karatasi.

Msomaji makini atauliza: mbona bei pekee ndiyo imevuka sentimita 25? Ni kwa makusudi. Mtu wa ng'ambo ya barabara anatakiwa kuona bomba na bei, na picha ya sentimita 80 imeshamwambia ni bomba. Akivutwa na bei atasogea. Akifika mita 18 jina na ujazo vinasomeka kwa raha, na mita 12 anasoma bei ya zamani na siku ya mwisho. Kila kitu kikiwa kikubwa sawa, hakuna kinachotangulia.

Kuhusu rangi, kulitaja dumu na nyanya si mzaha. "Njano" peke yake inaweza kuwa ya limau au ya embe. Kitu ambacho wote wawili wanakijua hufunga mjadala. Jambo kubwa zaidi ni tofauti ya weusi na weupe kati ya maandishi na nyuma yake. Maandishi mekundu juu ya kijani, ambayo wauza pembejeo wengi huyapenda, huzama kwa mbali kwa sababu rangi zote mbili zina giza linalokaribiana. Piga picha ya mchoro kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kama maandishi yamepotea, barabarani pia yatapotea.

Mwenye duka akumbuke vilevile kwamba kioo cha simu hutoa mwanga, wakati wino hauna mwanga wake. Rangi inayong'aa kwenye simu hufifia ikichapwa. Dawa yake ni kuomba mchapaji atoe kwanza kipande kidogo, ukubwa wa karatasi ya A4, chenye njano na nyekundu, kisha kitazamwe nje juani.

Mchoro ukifika kwenye simu, kuna kipimo ambacho hakina gharama. Bango la mita 3 likitazamwa kutoka mita 30, umbali ni mara kumi ya upana. Picha yenye upana wa sentimita 6 kwenye kioo cha simu, ikishikwa sentimita 60 kutoka machoni, yaani mkono ukinyooka, ina uwiano uleule. Usiikuze kwa vidole. Unavyoliona hapo ndivyo kijana wa bodaboda atakavyoliona. Kama bei haikusomi haraka, mrudishie msanifu.

Kisha soma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, ukilinganisha na barua. Namba 36,000 ikigeuka 63,000 hakuna rangi itakayoliokoa bango. Hapa barua huwa shahidi: kosa ambalo halimo kwenye barua ni la msanifu kulisahihisha bure, na wazo jipya lililokuja baada ya barua ni la mwenye duka kulilipia. Hilo huwalinda wote wawili, hasa msanifu, ambaye mara nyingi huchora mara tano kwa malipo ya mara moja.

Barua ina mipaka yake. Haiwezi kuifanya bei mbaya kuwa nzuri, wala haifai kumnyang'anya msanifu kazi yake. Ndiyo maana mwenye duka wetu amemwachia aina ya herufi na kumwomba aseme kabla ya kuchora. Anayeelekeza hadi unene wa kila herufi atapata bango linalofanana na fomu ya maombi.

Pia maneno yenyewe yawe ya kweli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kuwapotosha wateja kibiashara. Bei inayokatwa iwe ile ambayo duka lilikuwa likiuzia kweli, si iliyopandishwa jana ili ikatwe leo. Na kama mabomba ni 60, mkulima aliyepanda gari kutoka kijijini ana haki ya kuisoma namba hiyo ukutani kabla hajaambiwa yamekwisha.

Tunawashauri wenye maduka, kabla ya kushika simu kumtafuta msanifu, wavuke kwanza barabara wakiwa na kalamu na karatasi. Barua iandikiwe huko.