Laini ya Duka Iwe ya Mwenye Duka

Vijana wengi siku hizi hupita madukani wakitoa huduma ya kulitangaza duka mtandaoni. Kazi hiyo ni halali, na ujira wao ni haki yao. Tunalolipinga ni baadhi yao kuliandikisha duka kwa laini zao wenyewe.

Tuseme mama muuza kanga wa Manzese amefunguliwa WhatsApp Business kwa laini ya kijana. Picha zapendeza, oda zaja. Mwezi wa nane wakikosana juu ya malipo, kijana aondoka na laini yake, na wateja wote waifuata. Mama hana hata namba zao!

Ndugu wenye maduka, laini isajiliwe kwa jina lenu na ikae katika simu ya dukani. Namba ya siri ya tarakimu 6 iwekeni wenyewe. Simu ya kijana iunganishwe kama kifaa cha pili tu. Ataweza kuwajibu wateja, na siku ya kuachana mtamwondoa mara moja.

Kabla hamjalipa, ulizeni: ile namba ya uthibitisho ilifika katika simu ya nani?