Kufuta Andiko Facebook na Haki ya Uliyemsema

Ijumaa hii twataka kulizungumza jambo ambalo vijana wetu, na sisi wazazi pia, hulidhania jepesi: kumwandika vibaya Muislamu mwenzetu katika ukurasa wa Facebook, kisha kulifuta andiko hilo na kudhani kuwa limekwisha.

Tuchukue mfano. Kijana ameandika usiku kwamba jirani yake, akimtaja kwa jina, amekula fedha za upatu. Asubuhi ikambainikia kuwa fedha zipo kamili, zilichelewa tu. Kwa haya akabonyeza vidoti vitatu, akachagua Move to trash. Andiko likaondoka ukurasani pamoja na maoni yote yaliyokuwa chini yake, ingawa yeye mwenyewe aweza kulirudisha ndani ya siku 30.

Lakini watu 6 walikuwa wamekwisha kulisambaza. Kwao andiko la asili halisomeki tena. Pana tangazo tu kwamba halipatikani. Ila maneno waliyoyaongeza wao wenyewe juu yake yamebaki: "Kumbe bwana yule ni mwizi!" Hayo kijana hana uwezo wa kuyafuta. Na aliyelipiga picha kwenye skrini akaituma WhatsApp, hakuguswa kabisa.

Wapo wasemao heri kuhariri kuliko kufuta. Kweli, kuhariri kuna faida: waliosambaza wataonyesha maneno mapya, kwani walichosambaza ni andiko lile lile. Lakini Facebook huweka historia ya marekebisho, na anayeliona andiko aweza kuifungua akaisoma tuhuma ya kwanza. Kwa jambo linalogusa heshima ya mtu, sisi twaona kufuta ndiko sawa. Ila kabla ya kufuta, abonyeze idadi ya waliosambaza na ayaandike majina yao karatasini, maana andiko likiondoka, orodha nayo huondoka. Hata hivyo haitakuwa kamili, kwa kuwa waliosambaza kwa faragha hawaonekani humo.

Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja masharti matatu ya toba: kuiacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Dhambi ikihusu haki ya mwanadamu, huongezeka la nne, nalo ni kujivua na haki ya mwenyewe. Kule kubonyeza kumetimiza la kwanza tu. Kijana wetu bado ana kazi: aandike sahihisho mahali pale pale, aseme wazi kuwa alikosea na kwamba fedha zimepatikana kamili, awaombe wale 6, mmoja mmoja, wafute maneno yao, sahihisho alipeleke pia katika kila kundi la WhatsApp analojua picha ilifika. Kisha akabishe hodi kwa jirani. Hilo la mwisho ndilo zito kwa kijana, na si vibaya baba yake akafuatana naye baada ya sala ya Alasiri.